Wanachama 14 waliopotea kati ya "na" na "au"

Swali lenyewe ni la mstari mmoja, la aina inayopatikana katika mitihani ya mantiki na ya uandishi wa programu: kanusha sentensi "Mwanachama ana akiba ya angalau shilingi 200,000 na ana wadhamini wasiopungua wawili."

Anayejibu haraka huandika: "Mwanachama ana akiba isiyofika shilingi 200,000 na ana wadhamini wasiofika wawili." Ukilitazama jibu hili kipande kwa kipande huoni kosa. "Angalau 200,000" imegeuzwa kuwa "isiyofika 200,000", na hata mpaka umeangaliwa: mwenye 200,000 kamili amebaki upande wa wanaotimiza. Wadhamini nao wamekanushwa sawasawa. Kitu pekee ambacho hakikuguswa ni kile kiunganishi cha katikati, na hicho kinatosha kuliharibu jibu zima. Kilipaswa kuwa "au".

Ili kuona kwa nini, lazima tukubaliane kwanza kanusho linatakiwa lifanye kazi gani. Kanusho la sentensi ni sentensi nyingine ambayo ni kweli kila mahali ile ya kwanza ilipo uongo, na ni uongo kila mahali ile ya kwanza ilipo kweli. Zikiwekwa pamoja, mbili hizo zinawagawana watu wote bila kumwacha mtu nje na bila kumgombania mtu. Mwanachama yeyote utakayemleta, ataangukia upande mmoja tu.

Basi tulete wanachama wanne wa kubuni. Asha ana akiba ya 350,000 na wadhamini wawili. Baraka ana 350,000 pia, lakini mdhamini wake ni mmoja. Chausiku ana wadhamini watatu, ila akiba yake ni 120,000. Daudi ana 90,000 na hana mdhamini hata mmoja.

Sentensi ya kwanza ni kweli kwa Asha peke yake. Kwa hiyo kanusho lake lazima liwe kweli kwa Baraka, kwa Chausiku na kwa Daudi. Sasa soma tena lile jibu la haraka: akiba isiyofika na wadhamini wasiofika. Linamshika Daudi tu. Baraka hayumo, kwa sababu akiba yake inafika. Chausiku hayumo, kwa sababu wadhamini wake wanafika. Wala hawamo katika sentensi ya kwanza. Wamebaki hewani, hawatimizi masharti wala hawahesabiwi kuwa wameshindwa kuyatimiza.

Ukiandika "au" badala ya "na", wote watatu wanaingia. Sababu yake ni nyepesi: sentensi yenye "na" inaahidi mambo mawili kwa pamoja, na ahadi ya mambo mawili huvunjika mara tu moja linapokosekana. Anayetaka kuionyesha kuwa ni uongo hahitaji kuonyesha kwamba yote mawili yamekosekana. Akionyesha moja, lolote kati ya hayo, kazi yake imekwisha. Na hii "au" ni ile pana, inayomkubali pia mtu aliyekosa yote mawili, ndiyo maana Daudi hatoki.

Kanuni hii hutajwa kwa jina la Augustus De Morgan, mwanahisabati aliyezaliwa Madurai, India, mwaka 1806 na kufundisha kwa miaka mingi katika chuo cha University College London. Haikuanza naye. Wanamantiki wa Ulaya ya karne ya 14, William wa Ockham akiwa miongoni mwao, walikuwa wameshaieleza kwa maneno. Kazi ya De Morgan na wenzake wa karne ya 19 ilikuwa kuiingiza katika mantiki inayoandikwa kwa alama, na huko ndiko kompyuta zilikoikuta.

Kinacholifanya jibu la haraka livutie ni kwamba si upuuzi. Kila mtu linayemshika kweli hatimizi masharti. Ukilipima kwa Daudi, limepita. Linachokosea ni kudai zaidi ya kinachotakiwa: linataka mtu ashindwe kote kote ndipo limhesabu. Wanamantiki hutofautisha jozi za namna mbili. Ipo ya sentensi ambazo haziwezi kuwa kweli pamoja wala kuwa uongo pamoja, na hiyo ndiyo jozi ya sentensi na kanusho lake. Ipo pia ya sentensi ambazo haziwezi kuwa kweli pamoja lakini zinaweza kuwa uongo pamoja, kama "maji ni ya moto sana" na "maji ni baridi sana", ambazo zote ni uongo maji yakiwa vuguvugu. Jibu la haraka limetengeneza jozi ya namna ya pili, na Baraka na Chausiku ndio maji vuguvugu.

Nadhani Kiswahili cha kila siku nacho kinatusukuma kidogo kwenye shimo hili. Ukisema "Asha na Baraka hawakuja", hakuna atakayedhani mmoja wao alikuja. Kitenzi kimekanushwa, "na" imebaki mahali pake, na maana inayosikika ni kwamba wote wawili hawakuonekana. Kwa mazungumzo hakuna ubaya. Lakini mtu akiibeba tabia hiyo hadi kwenye swali la mantiki, atakanusha vitenzi na kuiacha "na" vilevile, huku sikio lake likimwambia amesema sawa. "Hawakuja wote" ndiyo inatatanisha zaidi, kwa sababu wengine watasikia kwamba hakuja hata mmoja na wengine watasikia kwamba walikuja baadhi. Njia salama kwenye karatasi ya mtihani ni kuanza na maneno "si kweli kwamba" kabla ya sentensi nzima bila kuigusa ndani, kisha ujiulize: ni hali zipi zingelifanya hili litokee? Hapo "au" hujitokeza yenyewe.

Kwenye karatasi kosa hili hukugharimu alama. Kwenye programu linagharimu fedha au haki ya mtu, na nani anaumia hutegemea sharti limewekwa wapi. Tuseme chama cha kuweka na kukopa kina wanachama 40 walioomba mkopo. Kati yao 22 wana vyote viwili, akiba na wadhamini. Tisa wana akiba tu, watano wana wadhamini tu, na wanne hawana chochote. Mwandishi wa programu anaamua kuanza na wanaokataliwa:

```python
if akiba < 200000 and wadhamini < 2:
    kataa()
else:
    toa_mkopo()
```

Wanaokataliwa ni wale wanne. Wengine wote, watu 36, wanapelekwa kwenye `else` na kupewa mkopo. Kumi na wanne kati yao, yaani wale tisa pamoja na wale watano, hawakustahili kwa masharti ya chama chenyewe. Programu haikulalamika, haikukwama, haikutoa ujumbe wa kosa. Fedha zimetoka.

Sasa kosa lilelile liweke mahali pengine. Mhasibu anataka orodha mbili kutoka kwenye hifadhidata, ya waliokubaliwa na ya waliokataliwa ili wapelekewe barua. Orodha ya kwanza anaiomba kwa sharti sahihi lenye `AND` na kupata watu 22. Ya pili anaiomba kwa kukanusha vipande viwili na kuiacha `AND`:

```sql
SELECT * FROM waombaji
WHERE akiba < 200000 AND wadhamini < 2;
```

Anapata wanne. Safari hii hakuna fedha iliyotoka kimakosa, ila watu 14 hawakupata mkopo wala barua. Watakuja dirishani kuuliza, na karani ataangalia orodha zote mbili asiwaone. Kosa ni moja, lakini kwenye `if` yenye `else` liliwapitisha wasiostahili, na kwenye orodha mbili likawafuta watu kabisa.

Njia ya tatu ya kukosea hutokea mtu anapojaribu kurahisisha kazi kwa kutanguliza `not` na kusahau mabano:

```python
if not akiba >= 200000 and wadhamini >= 2:
    kataa()
```

Katika Python `not` hushika kabla ya `and`. Kwa hiyo hapa kilichokanushwa ni akiba peke yake, na sharti linasomeka "akiba haifiki, na wadhamini wanafika". Wanaokataliwa ni wale watano wenye wadhamini tu. Daudi na wenzake, wasio na chochote, wanapewa mkopo! Ukiona programu inawakataa walio na nusu na kuwapitisha wasio na kitu, tafuta mabano yaliyosahaulika.

Jambo linalonishangaza zaidi kuhusu kosa hili ni namna linavyopita kwenye majaribio. Mtu akimaliza kuandika sharti kama lile la kwanza, hujaribu kwa mifano miwili inayomjia kichwani kwanza: mwombaji safi na mwombaji mbovu. Mwombaji safi ni Asha; sharti halimkamati, anapewa mkopo, sahihi. Mwombaji mbovu ni Daudi. Sharti linamkamata, anakataliwa, sahihi. Majaribio yamepita yote. Na kama anatumia zana inayopima ni matawi mangapi ya msimbo yamepitiwa, itamwambia asilimia 100, kwa sababu kweli tawi la kukataa limepitiwa na tawi la kukubali limepitiwa.

Ukiliandika jedwali la ukweli unaona kwa nini. Masharti mawili yana safu nne: kweli na kweli, kweli na uongo, uongo na kweli, uongo na uongo. Kanusho sahihi na kanusho bovu yanakubaliana kwenye safu ya kwanza na ya mwisho. Yanatofautiana kwenye zile mbili za kati tu, yaani kwa Baraka na kwa Chausiku. Anayejaribu ncha mbili amechagua mahali pekee ambapo kosa haliwezi kuonekana. Masharti yakiongezeka, maficho yanapanuka: masharti matatu yana safu 8, na makanusho hayo mawili yanatofautiana katika safu 6 kati yake, lakini ncha mbili bado zinasema kila kitu ni shwari.

Watu wa programu za ndege wamelifikiria hili kwa makini kuliko wengi wetu. Mwongozo wao unaojulikana kama DO-178C, na DO-178B ya mwaka 1992 kabla yake, unadai kwamba kwenye programu za daraja la juu kabisa la hatari, kila sharti dogo lionyeshwe kuwa linaweza peke yake kubadilisha uamuzi, huku mengine yakiwa yametulia. Kwa sharti lenye "na" moja, hilo linahitaji mifano mitatu: mmoja wenye vyote, mmoja uliokosa cha kwanza tu, na mmoja uliokosa cha pili tu. Yaani Asha, Chausiku na Baraka. Daudi, ambaye kila mtu hukimbilia kumjaribu, hahitajiki kwa kuupima uamuzi huo. Kwa mtu anayeandika programu ya mikopo huo ni ushauri wa bure: kama una muda wa mifano mitatu, chukua hiyo.

Zipo zana zinazoweza kulinusa kosa hili zenyewe, lakini kwa sehemu ndogo tu, na inafaa kujua mpaka wao. Chukua ukaguzi wa mwezi kwenye fomu. Mwezi halali ni angalau 1 na si zaidi ya 12. Anayekanusha bila kubadilisha kiunganishi ataandika, kwa lugha ya C:

```c
if (mwezi < 1 && mwezi > 12)
    kosa();
```

Hakuna namba iliyo chini ya 1 na juu ya 12 kwa wakati mmoja, kwa hiyo `kosa()` haitaitwa kamwe. Mwezi wa 13 utapita, wa 0 utapita, wa 400 utapita. Kikusanyaji cha GCC kikiambiwa `-Wlogical-op` kinaweza kuonya kwamba sharti la namna hii ni uongo daima. Onyo hilo halimo katika `-Wall` wala `-Wextra`. Lazima uliombe kwa jina. Lakini hata ukiliomba, halitakusaidia kwenye mkopo. Hapa vipande viwili vinahusu namba moja na vinapingana waziwazi, kwa hiyo mashine inaweza kugundua. Akiba na wadhamini ni vitu viwili visivyojuana. "Akiba haifiki na wadhamini hawafiki" ni sharti halali kabisa, lina watu wake, na mashine haina namna ya kujua kwamba ulimaanisha jingine. Mwezi wa 13 pia hugundulika mapema kwa sababu jaribio moja tu la namba mbovu linaonyesha ukaguzi haufanyi kazi. Mkopo ndio unaokaa miezi bila kugunduliwa.

Dawa ninayoipenda si kukariri kanuni ya De Morgan, ingawa haidhuru kuijua. Ni kuacha kukanusha kwa mkono kila inapowezekana. Andika sharti kama lilivyo kwenye katiba ya chama, kwa sura yake ya kukubali, lipe jina, kisha kanusha jina:

```python
anastahili = akiba >= 200000 and wadhamini >= 2
if not anastahili:
    kataa()
```

Sasa anayesoma anaweza kulinganisha mstari wa kwanza na maneno ya chama neno kwa neno, na `not` inakanusha kitu kizima bila kumwachia mtu nafasi ya kusahau kiunganishi. Wapo wanaopendelea kugawa ukaguzi uwe `if` mbili zinazofuatana, ya akiba kisha ya wadhamini, kila moja ikimkataa mtu na kumwambia sababu. Hiyo ni "au" iliyoandikwa kwa mistari miwili, na ina faida kwamba Baraka ataambiwa kinachokosekana ni mdhamini badala ya kupewa "hukustahili" tupu.

Kwa msimbo ulioukuta umeshaandikwa, kuna kipimo cha haraka kisichohitaji hata kuusoma: jumlisha. Waliokubaliwa ni 22, waliokataliwa ni 4, jumla 26, na waombaji walikuwa 40. Pengo la 14 ni ishara kwamba orodha ya pili si kanusho la ya kwanza. Ukibadilisha `AND` kuwa `OR`, waliokataliwa wanakuwa 18, na 22 kuongeza 18 ni 40. Kipimo hiki kinafaa kwenye orodha mbili zinazoombwa kando kando. Kwenye `if` na `else` jumla hutimia daima, hata sharti likiwa bovu, kwa sababu `else` humeza kila aliyebaki. Huko hakuna mkato, itabidi uwapitishe Baraka na Chausiku.

Na kwenye hifadhidata jumla inaweza kugoma hata baada ya kuweka `OR`. Tuseme wameongezwa waombaji wawili ambao akiba yao haijajazwa, mmoja ana wadhamini wawili na mwingine ana mmoja. SQL huweka `NULL` mahali pasipojazwa, na kulinganisha `NULL` na 200,000 hakuleti kweli wala uongo, kunaleta "haijulikani". Yule mwenye mdhamini mmoja anakataliwa kihalali: akiba yake iwe yoyote, sharti la wadhamini limeshamwangusha, na "haijulikani au kweli" ni kweli. Waliokataliwa wanakuwa 19. Yule mwenye wadhamini wawili hayuko popote. Kwenye orodha ya kwanza sharti lake ni "haijulikani na kweli", kwenye ya pili ni "haijulikani au uongo", zote mbili zinaishia "haijulikani", na `WHERE` huchukua safu zilizo kweli tu. Jumla ni 41 kati ya 42. Kuandika `NOT` mbele ya mabano hakumwokoi, kwa sababu kanusho la "haijulikani" ni "haijulikani". De Morgan hajakosea hapa, kanuni yake inasimama hata penye hali tatu. Kilichovunjika ni dhana yetu kwamba orodha mbili zingetosha. Mtu huyu anahitaji orodha ya tatu, ya wale ambao karani lazima ajaze taarifa zao kabla uamuzi haujatolewa:

```sql
SELECT * FROM waombaji
WHERE (akiba IS NULL AND wadhamini >= 2)
   OR (wadhamini IS NULL AND akiba >= 200000)
   OR (akiba IS NULL AND wadhamini IS NULL);
```

Hiyo inamleta mmoja, na 22, 19 na 1 zinafika 42.